Dirisha kubwa, moshi palepale

Chumba cha jiko ninachokikumbuka kila mada ya moshi wa jikoni inapozuka kilikuwa na dirisha la mita moja kwa mita moja, na bado aliyepika humo alitoka akifuta machozi. Mwenye nyumba, ambaye ni shemeji yangu, aliona dawa ni kuongeza dirisha la pili, la ukubwa uleule, kwenye ukuta uleule. Fundi akabomoa, akaweka fremu, akapiga plasta. Siku ya kwanza ya kupika moshi ulikuwa palepale: umening'inia kama shuka lililotandazwa hewani, kuanzia usawa wa macho ya mtu aliyesimama kwenda juu, na madirisha yote mawili yakiwa chini yake.

Tulipima. Sehemu ya juu ya madirisha ilikuwa mita 1.7 kutoka sakafuni, na ukuta ulikutana na bati kwenye mita 2.5. Hapo katikati palikuwa na sentimita 80 za ukuta mzima usio na tundu lolote. Moshi ukitoka motoni huwa wa moto, na kitu cha moto ni chepesi, kwa hiyo hupanda hadi kwenye bati na kutafuta pa kutokea. Usipopaona, hurundikana. Tabaka lake hukua kushuka chini, kama maji yanayojaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mpaka lifike ukingo wa juu wa dirisha. Ndipo sasa linaanza kumwagika nje. Kuongeza dirisha la pili kwa urefu uleule ni kutoboa tundu la pili kwenye ndoo ileile mahali palepale: maji yatamwagika kwa kasi zaidi, lakini yaliyo ng'ambo ya tundu hayaendi popote.

Picha hii ya ndoo iliyogeuzwa ndiyo itakayotuongoza. Swali la kwanza kuhusu chumba chochote cha kupikia si dirisha lina ukubwa gani. Ni moshi unatokea wapi, na hewa ya kujaza nafasi yake inaingilia wapi.

Hewa kubadilika mara ngapi kwa saa

Wanaoshughulika na mambo haya hupima uingizaji hewa kwa kuhesabu hewa ya chumba inabadilika mara ngapi kwa saa. Chumba cha shemeji kina mita 3 kwa 4, na kuta za mita 2.5, kwa hiyo ujazo wake ni mita za ujazo 30. Ikiingia hewa safi ya mita za ujazo 450 kwa saa, na ya ndani ikatoka kwa kiasi hichohicho, tunasema hewa imebadilika mara 15, maana 450 gawanya kwa 30 ni 15. Shirika la Afya Duniani (WHO), lilipotoa mwongozo wake wa 2014 kuhusu moshi wa fueli za nyumbani, lilichukua namba hizihizi mbili kuwa wastani wa hesabu zake: chumba cha mita za ujazo 30 na hewa inayobadilika mara 15.

Neno "kubadilika" linadanganya kidogo. Mtu husikia hewa imebadilika mara moja akadhani ya zamani yote imeondoka. Sivyo. Hewa safi ikiingia huchanganyika na chafu, na kinachotoka ni mchanganyiko. Baada ya hewa ya ujazo wa chumba kizima kuingia, bado asilimia kama 37 ya uchafu wa awali imo ndani. Ikiingia mara ya pili, inabaki asilimia kama 14. Mara ya tatu, asilimia 5. Ni kama kusuuza sufuria yenye sabuni bila kuimwaga, kwa kuongeza maji tu mpaka yafurike.

Sasa tuweke moto. Chukua moto wa kuni kwenye mafiga unaokula kilo moja kwa saa, na kila kilo ikitoa gramu 5 za chembe laini, zile zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5 ambazo huingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Kwa moto wa wazi hicho si kiwango cha kutia chumvi. Gramu 5 kwa saa zikigawanywa kwa mita za ujazo 450 za hewa tunapata miligramu 11 katika kila mita ya ujazo, yaani maikrogramu 11,000. Kiwango ambacho WHO ilikiweka mwaka 2021 kuwa wastani wa siku nzima ni maikrogramu 15. Tuwe waadilifu: moto hauwaki saa 24. Ukiwaka saa 4 tu na muda uliobaki hewa ikawa safi, wastani wa siku unakuwa kama 1,800. Bado ni zaidi ya mara mia moja.

Ongeza hewa mara mbili, uchafu unapungua nusu: 5,500. Ongeza tena mara mbili, 2,750. Kila hatua inadai matundu mengi maradufu, na kila hatua inakulipa kidogo kuliko iliyotangulia. Huo ndio udhaifu wa kuchanganya: moshi ukishaenea chumbani, unachofanya ni kuuzimua tu, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi uliozidi chumvi. Ndiyo maana pengo linaloachwa kati ya ukuta na paa, na kofia ya moshi inayokaa juu ya moto, ni vitu viwili tofauti, ingawa mara nyingi hutajwa kwa pumzi moja. Pengo hutoa moshi uliokwisha kukusanyika darini. Kofia huudaka kabla haujakutana na hewa ya chumba.

Pengo la upenuni linavyofanya kazi, na linapogoma

Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na nafasi kati ya kichwa cha ukuta na paa, chini ya upenu, na wajenzi wa siku hizi wameizoea kuiziba kwa matofali au saruji ili nyumba ionekane imekamilika. Kwa chumba cha kupikia, nafasi hiyo ndiyo tundu lililo karibu kabisa na kitako cha ndoo yetu iliyogeuzwa. Moshi unapojikusanya chini ya bati unakuta mlango uko wazi.

Shemeji alikubali kubomoa. Tulitoa safu ya juu ya matofali kwenye kuta mbili ndefu, tukiacha nguzo fupi za kubeba boriti, ikabaki nafasi ya sentimita 15 yenye urefu wa kama mita 4 kila upande. Eneo lake lote ni mita za mraba 1.2. Mlango ulikuwa na mita za mraba 1.8.

Nguvu inayosukuma hewa hapa ni tofauti ya joto ikizidishwa kwa tofauti ya kimo. Kutoka katikati ya mlango hadi pengoni ni kama mita 1.3 na kidogo. Ikiwa hewa ya ndani imezidi ya nje kwa nyuzi 5 tu za Selsiasi, kanuni ya mvuto wa joto inatoa mwendo wa kama sentimita 65 kwa sekunde. Ukizingatia kwamba hewa hubanwa inapopita kwenye matundu, unapata mita za ujazo 1,400 kwa saa, au hewa kubadilika zaidi ya mara 45. Ni hesabu ya karatasini, wala nisingeiapia, lakini hata ukiikata nusu ni zaidi ya maradufu ya kile madirisha mawili yalichoweza.

Sasa funga mlango na madirisha, uache tu upenyo wa sentimita 2 chini ya mlango. Pengo la juu halijabadilika hata kidogo. Lakini hewa inayoweza kuingia kupitia upenyo ule, kwa mwendo uleule, ni mita za ujazo 25 kwa saa, haifiki hata kubadilika mara moja. Moshi hauwezi kutoka kwa wingi usipopata hewa ya kushika nafasi yake. Kitakachotokea ni kwamba pengo lenyewe litagawana kazi: sehemu fulani itatoa moshi na sehemu nyingine itaingiza hewa baridi ya nje. Hewa hiyo ni nzito, kwa hiyo inaporomoka kupita katikati ya tabaka la moshi na kuuvuta nao kushuka hadi usoni pa mpishi. Mtu atakuambia pengo limeongeza moshi, naye hasemi uongo. Alichokosa ni tundu la chini.

Upepo ni kigezo cha pili. Pengo likiwa pande mbili zinazokabiliana, upepo mwanana huingia upande mmoja na kufagia moshi kutokea upande wa pili, jambo zuri mno. Upepo ukiwa mkali, hewa inayoingia hupiga chini ya bati na kuuvunja ule utulivu wa tabaka, kisha chumba kizima kikajaa ukungu mwepesi badala ya moshi mzito wa juu. Kwa shemeji ilikuwa hivyo kila alasiri. Suluhisho lilikuwa kibao cha mbao kwenye bawaba upande unaopokea upepo, kikifungwa nusunusu wakati wa upepo. Upande wa pili uliachwa wazi muda wote.

Jambo la tatu ni mbu. Wale wanaoeneza malaria huingia nyumbani zaidi kupitia upenuni hapo, kwa hiyo anayeziba pengo hafanyi upuuzi. Jikoni pa kujitenga unaweza kuliacha wazi. Chumba cha kupikia kikiungana na cha kulala, weka wavu. Fahamu lakini kwamba nyuzi za wavu zenyewe huchukua karibu nusu ya eneo, hivyo pengo la sentimita 15 lililowekewa wavu lifikirie kuwa la sentimita 8. Kisha huja masizi. Moshi wa kuni una lami, nayo hunata kwenye nyuzi na kuvutia vumbi, na wavu usiosuguliwa hugeuka ukuta mweusi polepole mno kiasi kwamba hakuna anayegundua. Weka wavu kwenye fremu inayochomoka, uufanye uoshwe kwa maji ya moto na sabuni.

Pengo lilitufikisha wapi? Tukichukua ile hewa ya mita za ujazo 1,400, gramu zetu 5 zinakuwa maikrogramu kama 3,500 wakati wa kupika. Macho yanatambua tofauti hiyo mara moja. Mapafu bado yana kilio.

Kofia ya moshi

Kofia ya moshi ni mdomo mpana wa bati, au wa udongo uliopakwa juu ya waya, unaokaa juu ya moto na kusinyaa kwenda juu mpaka kwenye bomba linalotoboa paa. Haina feni wala umeme. Inavutwa na joto la moto wenyewe.

Faida yake iko kwenye hesabu. Kofia ikidaka asilimia 80 ya moshi, kinachobaki kuingia chumbani ni gramu 1 kwa saa badala ya 5. Ni sawa na kuongeza hewa ya chumba mara tano, kazi ambayo hakuna dirisha litakaloifanya. Ikisaidiwa na pengo la upenuni, ile 3,500 inashuka hadi 700. Lakini sharti ni ile asilimia 80, na kofia nyingi nilizoziona hazifiki hata nusu yake. Sababu huwa moja kati ya tatu, au zote kwa pamoja, na zote zinatokana na jinsi moshi unavyopanda.

Moshi unapoondoka motoni unakuwa uzi mwembamba. Njiani unakokota hewa ya pembeni, unanenepa na kupoa. Unenepaji huo ni wa kasi kuliko watu wanavyodhani: umbali ukiongezeka mara mbili, kiasi cha mchanganyiko kinachopanda huongezeka mara tatu na zaidi. Kwa moto wetu wa kilo moja kwa saa, mchanganyiko unaopita sentimita 80 juu ya moto ni kama mita za ujazo 180 kwa saa. Kwenye mita 1.6 unafikia kama 570. Kofia lazima iweze kumeza chote kinachoufikia mdomo wake, la sivyo kinachozidi kitamwagikia pembeni.

Bomba nalo lina uwezo wake. Bomba la duara la kipenyo cha sentimita 30, lenye mita 2 juu ya kofia, na moshi wa nyuzi 60 ndani yake huku nje kukiwa nyuzi 25, hupitisha takriban mita za ujazo 270 kwa saa baada ya kutoa hasara ya msuguano. Bomba la sentimita 20 hupitisha kama 120. Lile la sentimita 15, ambalo mafundi hulipenda kwa kuwa ni jepesi kupitisha kwenye paa, halifiki hata 70, maana kipenyo kikipungua nusu, eneo linabaki robo.

Weka namba hizo kando kwa kando na kisa cha shemeji kinajieleza chenyewe. Fundi wa kwanza alining'iniza kofia mita 1.6 juu ya moto ili mpishi asigonge kichwa, akaiwekea bomba la sentimita 15. Mita za ujazo 570 zinapanda, chini ya 70 zinapita. Kofia ilijaa kama kikombe kilichoinamishwa, na moshi ukawa unajiviringisha ukingoni pande zote. Watu walisema bomba limeziba. Halikuziba, lilikuwa dogo tangu siku ya kwanza, na tena lilikuwa linapokea moshi uliokwisha kupoa. Kuishusha kofia tu hadi sentimita 80 kusingetosha, kwa sababu 180 bado ni zaidi ya 70. Kuongeza bomba tu nako kusingetosha, kwa sababu 270 ni pungufu ya 570. Ilibidi vyote viwili.

Sababu ya tatu ni ubavu ulio wazi. Tuseme kofia ina mita 1 kwa sentimita 80, na kati ya ukingo wake na usawa wa moto kuna sentimita 60 za uwazi pande zote nne. Hewa inayovutwa inaingilia eneo la zaidi ya mita za mraba 2, na hata kwa bomba la sentimita 30 mwendo wake pale pembeni ni kama sentimita 3 au 4 kwa sekunde. Mtu akipita, au mlango ukifunguliwa, hewa inatikisika kwa kasi inayozidi hiyo mara nyingi, na moshi unasukumwa nje ya kofia. Ziba pande tatu kwa bati au tofali, uache mbele tu. Eneo linabaki chini ya nusu mita ya mraba, na mwendo wa hewa unapanda hadi kama sentimita 15 kwa sekunde. Si mwingi, lakini moto ukishaegemezwa ukutani na mbavu zikazibwa, upepo wa kupita haupati pa kuushika moshi. Ningeambiwa nichague marekebisho moja tu kwa kofia isiyofanya kazi, ningeanza na mbavu. Ni bati mbili.

Ukingo wa kofia uzidi moto na chungu kwa sentimita 15 hivi kila upande. Juu ya paa, kichwa cha bomba kipite angalau sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, pamoja na mgongo wa paa lenyewe, vinginevyo upepo unaoruka paa utausukuma moshi kurudi ndani. Kikofia cha kuzuia mvua kiinuliwe kwa nafasi isiyopungua nusu ya kipenyo cha bomba. Paa likiwa la nyasi au makuti, bomba lisiguse: liwekewe kola pana ya bati yenye nafasi ya hewa kulizunguka, na masizi yapanguswe mara kwa mara, kwa kuwa masizi yakishika moto ndani ya bomba hurusha cheche juu ya paa.

Kupima bila kujidanganya

Macho na pua ni wapimaji wabovu. Anayepika kila siku amezoea, na mgeni anayekohoa mlangoni huenda anakohoa kwa sababu ya kuni mbichi tu. Mkaa ni mbaya zaidi kwa mtu anayetegemea macho: moshi wake hauonekani karibu kabisa, lakini unatoa kaboni monoksidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Wengi huamini kwamba gesi hii ni nzito na hukaa sakafuni. Uzito wake unakaribia sana ule wa hewa, kwa hiyo huenda popote hewa ya moto inakoipeleka. Anayewasha mkaa ndani kisha akafungua tundu la chini pekee amejilinda nusu nusu, na anayelala na jiko la mkaa chumbani hajajilinda kabisa.

Kipimo cha kwanza ni uzi. Funga uzi mwepesi au ukanda wa karatasi laini kwenye tundu la juu, na mwingine chini mlangoni, moto ukiwa umewaka kwa robo saa. Wa chini uinamie ndani, wa juu uinamie nje. Ukikuta wa juu unayumba ndani na nje, tundu la chini ni dogo. Ukikuta unaelekea ndani muda wote, upepo umeushinda mvuto wa joto, na tundu hilo lina kazi ya kuingiza si kutoa.

Kwa kofia, tumia kijiti kilichozimwa kinachofuka. Kizungushe taratibu ukingoni mwa kofia, moto ukiwaka. Moshi wake uvutwe ndani kila mahali. Sehemu ambapo unasimama au kurudi usoni kwako ndiyo inayovuja.

Kipimo cha tatu kinahitaji kipima kaboni monoksidi kinachoonyesha namba, siyo kile kinacholia tu. Pika kama kawaida, kisha toa makaa yote nje kwa mara moja, chukua namba iliyopo, na uhesabu dakika mpaka ibaki nusu. Gawanya 42 kwa dakika hizo, unapata hewa inabadilika mara ngapi kwa saa. Kwa shemeji, kabla ya pengo, nusu ilichukua dakika 9: mara 4.7. Baada ya pengo, mlango ukiwa wazi, dakika 2: mara 21. Utauliza ile 45 ya karatasini ilikwenda wapi. Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba kipimo kinafanyika moto ukiwa umeshatoka, na moto ndio uliokuwa unavuta. Kwa hiyo kipimo hiki hukuonyesha chini ya hali halisi ya kupika, na ni heri kikosee upande huo. Hakipimi kofia hata kidogo, kwa sababu kofia hufanya kazi moto ukiwapo.

Kofia ipime kwa kuacha kipima hicho kifungwe mita 1.5 kutoka sakafuni na mita 1 kutoka motoni, mpikie mlo uleule, kwa kuni zilezile, siku kadhaa kabla na siku kadhaa baada. Siku moja haitoshi, kwa kuwa kuni na upepo hubadilika. Kwa kaboni monoksidi, WHO inataka wastani wa saa moja usizidi miligramu 35 kwa mita ya ujazo na wa saa 24 usizidi 4. Skrini nyingi huandika `ppm`, na kwa gesi hii `1 ppm` ni kama miligramu 1.15.

Kuna kikomo ambacho hakuna bati litakalokivuka. Moto wetu unatoa chembe laini miligramu 83 kwa dakika. Mwongozo ule wa 2014 uliweka lengo la miligramu 0.23 kwa jiko lisilo na bomba na 0.80 kwa lenye bomba. Hata tukilipima jiko letu kwa kipimo cha wenye bomba, limezidi mara mia. Zile 700 tulizofikia, moto ukiwaka saa 4, ni wastani wa kama 120 kwa siku, mara nane ya kiwango. Pengo na kofia zimetutoa mbali sana. Kilichobaki kimo ndani ya kuni zenyewe, na hapo mjadala unahama kutoka kwenye paa kwenda kwenye fueli.

Shemeji hakuwa na kipima siku tulipomaliza kofia ya pili, kwa hiyo tulitumia karatasi nyeupe. Tulibandika vipande vinne ukutani, juu kidogo ya ukingo wa kofia, na kimoja chini ya bati kando ya pengo. Baada ya wiki, kile cha kando ya pengo kilikuwa cha rangi ya chai hafifu. Vitatu vya kofia vilikuwa karibu vyeupe, cha nne, upande wa mlango, kilikuwa cheusi. Bati la ubavu ule lilikuwa limeishia sentimita 20 kabla ya kufika ukutani.